Sukari Mfukoni mwa Mtoto wa Kisukari

Swali ni lilelile kila kliniki ya watoto, na siku hizi haliulizwi na wazazi peke yao. Naulizwa na wauguzi waliokuja kujifunza kazi ya kuelimisha: "Sista, mtoto ana kisukari, halafu tunamwambia atembee na sukari?" Ndiyo. Aiweke mfukoni, si kwenye begi, kwa sababu begi hubaki darasani wakati yeye yuko uwanjani. Na kama hana sukari mfukoni, somo la kujipima lisubiri. Atajifunza kujua kwamba anashuka, na akishajua hatakuwa na la kufanya.

Imani kwamba sukari ni sumu kwa mtoto huyu imetoka kwa watu wazima. Babu amegundulika ana kisukari cha aina ya pili, ameambiwa aache soda na apunguze sukari kwenye chai, naye ameufikisha ushauri huo kwa ukoo mzima. Kwake ni ushauri sahihi. Lakini mjukuu wa miaka tisa mwenye aina ya kwanza ana ugonjwa mwingine kabisa. Kongosho lake halitengenezi insulini, kwa hiyo anadungwa, na dozi ikishaingia chini ya ngozi hairudi. Mwili wa mtoto mwingine, sukari ikianza kushuka, hupunguza insulini wenyewe. Wa huyu hauwezi. Insulini aliyodungwa alfajiri itaendelea kushusha sukari hata kama hakuna tena cha kushusha. Kuna homoni nyingine, glukagoni, ambayo kazi yake ni kuliambia ini limwage akiba ya sukari mambo yanapoharibika. Kwa watoto wa aina ya kwanza, miaka michache baada ya ugonjwa kuanza, nayo huacha kuitikia sukari inaposhuka. Kinga zote mbili zimeondoka. Kilichobaki ni mkono wa mtoto na kilichomo mfukoni.

Tumfuate mtoto mmoja asubuhi moja. Yuko darasa la tatu, ana kilo 30. Saa kumi na mbili na nusu amedungwa insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 ambayo watoto wengi wetu wanaitumia. Uji amekunywa nusu kikombe kwa sababu wenzake walishamwita barabarani. Saa nne darasa liko uwanjani. Wakati huo sehemu ya haraka ya dozi yake bado iko kileleni, na ile ya taratibu inapanda. Anarudi darasani ametota jasho kuliko wenzake, mwandiko unayumba nje ya mstari, anamfokea rafiki yake bila sababu. Mwalimu anajua kwamba ana kisukari, kwa hiyo anahitimisha kuwa kimepanda. Anamnyang'anya juisi, anampa maji, anamwambia akalale kidogo ofisini. Baada ya muda anaitwa, haitiki.

Mwalimu huyo hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alifanya alichosikia maisha yake yote: kisukari, ondoa sukari. Ndiyo sababu sina subira tena na mabango ya kliniki yanayochora soda na kuipiga mkasi mwekundu bila kusema inamhusu nani. Bango hilohilo mtoto hulisoma akiwa amekaa foleni, na akienda shuleni huona aibu kula sukari mbele ya watu hata pale anapotetemeka.

Mzazi atakuuliza: je, kama kweli ilikuwa imepanda? Mjibu kwa hesabu. Kipimo cha kumtibu mtoto aliyeshuka ni gramu 0.3 za sukari kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wetu wa kilo 30 anahitaji gramu 9, na hizo humpandisha kwa takriban 3 hadi 4 kwenye mashine inayosoma mmol/L. Kama alikuwa 15, atafika 18 au 19, nasi tutamshughulikia baadaye bila haraka. Kama alikuwa 2.5 na ukamnyima, anaweza kupata degedege palepale. Makosa hayo mawili hayalingani. Tena kupanda na kushuka haviji kwa mwendo mmoja: kupanda huja kwa saa na siku, kwa kiu na kukojoa, kushuka huja kwa dakika, kwa jasho, njaa na mtetemo. Ukiwa na shaka, mpe sukari.

Na iwe sukari kweli. Gramu 9 ni vijiko viwili vya chai vya kufuta na kidogo juu yake. Mwambie mama vijiko vitatu vya sukari ya kawaida ikorogwe kwenye maji, hutakosea. Soda ya kawaida ni kama mililita 100, yaani theluthi ya chupa ya mililita 300. Soda isiyo na sukari haifanyi lolote, na watoto hupewa hiyo kila siku na watu wanaowapenda. Chokoleti, maziwa, karanga na mandazi vina mafuta yanayochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Chapati ni chakula, si dawa ya kushuka.

Sasa kujipima. Mtoto wa miaka sita au saba anaweza kujitoboa kidole mtu mzima akiwa pembeni. Wa miaka tisa au kumi anaweza kupima hatua zote mwenyewe. Lakini kuweza kupima si kuweza kuamua dozi. Hilo libaki kwa mzazi mpaka mtoto akomae, na usimruhusu mzazi aliyechoka kulikabidhi mapema. Usimhutubie mtoto. Mpe mashine, mwache afanye, kisha akufundishe wewe alichofanya.

Mahali wanapokosea ni palepale. Hutoboa katikati ya ncha ya kidole, panapouma zaidi, badala ya pembeni. Hukamua kwa nguvu. Hudondoshea damu juu ya kistripi wakati vistripi vingi hunyonya kutoka ukingoni. Basi mashine inakataa, na kistripi kimepotea. Lakini kosa linaloniumiza kichwa kuliko yote ni mikono. Nimemwona mtoto aliyetoka kula embe akisoma 13.8. Alinawa kwa maji na sabuni, akakausha, kidole kilekile kikasoma 3.6. Sukari ya embe ilikuwa kwenye ngozi, si kwenye damu. Kufuta kwa spiriti hakutoshi kuondoa sukari hiyo, na spiriti isipokauka nayo huharibu kipimo. Maji, sabuni, kukausha. Kama shule haina maji ya bomba, chupa ndogo ya maji iwe sehemu ya vifaa vyake. Na mtoto akitetemeka huku mashine inasema 13.8, afundishwe kuuamini mwili kwanza: anawe, arudie, kama maji hayapo, ale sukari.

Mwonyeshe pia herufi. Kwenye kioo LO maana yake ni chini kuliko mashine inavyoweza kusoma, nayo ni hatari kuliko tarakimu yoyote. Mtoto wa darasa la pili huisoma kama kumi iliyogeuka akaendelea kucheza. Mwandikie kwenye karatasi, mwulize atafanya nini, usikie jibu lake.

Kuzitambua dalili ndiko kunakohitaji muda, na hapa orodha ya dalili kumi za kitabuni haimsaidii. Kila mtoto ana zake mbili au tatu. Mmoja midomo humfa ganzi, mwingine hulia bila kujua kwa nini, mwingine herufi hucheza ubaoni. Njia ninayoiamini ni kubashiri. Kila anapopima, kabla tarakimu haijatokea, aseme anavyojisikia na abashiri: iko chini, iko sawa, iko juu. Mzazi aandike maneno ya mtoto mwenyewe kando ya tarakimu. Kwenye kliniki inayofuata mpitie daftari pamoja, muangalie yale yaliyoandikwa kando ya namba zilizo chini ya 4. Maneno yanayojirudia ndiyo dalili zake, na hayohayo mwalimu ayapewe kwa maandishi. Daftari hilo pia litakuonyesha mtoto aliyeanza kushuka bila kuhisi. Kushuka mara kwa mara hufifisha dalili; akibashiri "iko sawa" mara kadhaa huku mashine inasoma 3.2, anahitaji daktari aangalie dozi, si somo jingine la dalili.

Jambo moja kuhusu daftari lenyewe. Ukiona namba nzuri zote, 6.1, 5.8, 6.4, wino mmoja, mwandiko mmoja, fungua kumbukumbu ya mashine ulinganishe. Halafu usimgombeze. Mtoto anayetunga namba ni mtoto aliyewahi kukaripiwa kwa sababu ya namba. Ukizipokea kama alama za mtihani, atakuletea za kukufurahisha, na hutajua anashuka lini.

Yaliyobaki kwa haraka. Vistripi havitoshi mwezi mzima? Weka kipaumbele kabla ya kifungua kinywa, kabla ya kulala, na kila anapojisikia vibaya; kabla ya michezo pia kama vipo. Vikae kwenye kikopo chake kilichofungwa, mbali na joto na unyevu, wala visihamishiwe kwenye mfuko. Hana kistripi na anatetemeka: ale sukari, asisubiri. Kipimo ni chini ya 4: sukari kwanza, akae palepale, asitumwe ofisini peke yake, apime tena baada ya dakika 15, bado chini ya 4, arudie kiasi kilekile cha sukari. Awe na rafiki mmoja darasani anayejua mfuko uko upande gani. Mzazi akihofia kwamba atajifanya ameshuka ili ale sukari, mashine itasema. Akipoteza fahamu au akipata degedege: alazwe ubavu, asimiminiwe wala kulishwa kitu mdomoni, hospitali mara moja, kama sindano ya glukagoni ipo, nusu miligramu kwa aliye chini ya kilo 25, miligramu moja kwa aliyezidi. Siku ya michezo mirefu, apimwe kabla ya kulala, kwa kuwa kushuka kwaweza kuja usiku, saa nyingi baada ya mpira kwisha.

Akishapanda juu ya 4, na chakula kiko mbali zaidi ya saa moja, ale kitu cha taratibu: ndizi, kipande cha mkate, kiazi. Kisha aandike saa. Akishuka mara mbili kwa wiki katika saa ileile, usimwongezee vitafunwa vya saa hiyo. Mpeleke kwa daktari apunguze insulini inayofanya kazi saa hiyo.