Tawi la Bibi Linaning'inia Wapi?

Mtu akisema "kikombe cha chai cha bibi", bibi ndiye mwenye kikombe. Akisema "kikombe cha chai ya bibi", mali ya bibi ni chai, na kikombe chenyewe huenda kimeazimwa kwa jirani. Silabi moja tu imebadilika, na mzawa wa lugha huisikia tofauti hiyo papo hapo. Mchoro wa matawi, ule ambao wanafunzi wa sekondari huuchora kwenye madaftari yao, unaonyesha silabi hiyo imefanya kazi gani.

Sentensi ya kuchanganua iwe hii: Watoto wamekivunja kikombe cha chai cha bibi. Juu kabisa huandikwa S, yaani sentensi. Kutoka hapo hushuka matawi mawili: KN, kundi nomino, lenye kiima "watoto", na KT, kundi tenzi, ambamo kitenzi hukaa pamoja na shamirisho lake. Namba zilizo kwenye mabano ni za ngeli.

```
S
├─ KN
│  └─ N  watoto (2)
└─ KT
   ├─ T  wa(2)-me-ki(7)-vunj-a
   └─ KN
      ├─ N  kikombe (7)
      ├─ V  cha (7) chai (9)
      └─ V  cha (7) bibi
```

Utaratibu wa kuzipa ngeli namba ulianza na Wilhelm Bleek, aliyelinganisha lugha za Kibantu katika karne ya 19, na wanaisimu wanautumia hadi leo. Shuleni nchini Kenya ngeli hizo hizo huitwa kwa viambishi vya upatanisho: "watoto" wamo katika A-WA, "kikombe" kimo katika KI-VI. Majina hayo yana faida yake. "Kifaranga" huanza kwa ki-, lakini hakuna asemaye "kifaranga kimekula". Husemwa "kifaranga amekula", kwa kuwa ni kiumbe hai. Anayeweka namba kwa kutazama umbo la nomino peke yake atamwandikia kifaranga 7, ilhali kitenzi kinamdai 1.

Kitenzi hicho ndicho chenye siri kubwa. Ndani ya neno moja, "wamekivunja", mna wa- ya watoto, -me- ya wakati, -ki- ya kikombe, kisha mzizi -vunj- na kiishio -a. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaipa -ki- tawi lake kana kwamba ni neno linalojitegemea. Hiyo ni sehemu ya T na hubaki humo. Lakini nomino zote mbili zikiondolewa, sentensi haianguki. Mama akiingia jikoni na kuona vigae sakafuni, akauliza kikombe kimefanywa nini, jibu la "Wamekivunja" linatosha.

Je, -ki- ni ya lazima? "Watoto wamevunja kikombe" ni Kiswahili safi, ila kikombe hicho chaweza kuwa chochote. Ikiingia -ki-, msemaji na msikilizaji wanajua kinachozungumzwa ni kikombe kipi. Shamirisho likiwa mtu, mambo hubadilika: "wamemwona bibi" ndiyo kauli ya kawaida, na "wameona bibi" huchubua sikio la wengi.

Sasa turudi kwa chai. Katika mchoro wa hapo juu, "cha chai" na "cha bibi" yananing'inia sambamba chini ya "kikombe", na namba 7 inajirudia mara tatu. Cha ikigeuka ya, "chai" inafungua kundi nomino lake ndani ya tawi lake, na "ya bibi" inashuka chini yake, 9 kwa 9. Upatanisho umemwonyesha mchoraji mahali pa kuligandisha tawi.

Dira hiyo, hata hivyo, hupotea nomino mbili zikiwa za ngeli moja. "Mlango wa mji wa kale": cha kale ni kipi, mlango au mji? Zote mbili ni za ngeli ya 3, wa inazifaa zote, na michoro miwili tofauti inakubalika. Njia ya kupima ni kuutia mlango peke yake katika wingi. Akiwa na maana ya mji mkongwe, msemaji atasema "milango ya mji wa kale". Akikusudia milango yenyewe, atasema "milango ya mji ya kale". Matawi yamejitenga. Lakini miji nayo ikiwa mingi, "milango ya miji ya kale", utata unarudi ule ule, na mchoraji hana budi kumuuliza msemaji alikusudia nini.