Jozi Mbili za Namba Ndani ya Kiungo cha Ramani

Rafiki anakutumia kiungo cha Google Maps kwenye WhatsApp: tukutane hapa. Dereva atakayekupeleka hatumii Google Maps. Yeye ana OsmAnd au Organic Maps, ambazo ramani yake hupakuliwa mara moja ikabaki simuni, bando likiisha njia haipotei. Kiungo kile hakimsaidii. Anachohitaji ni namba mbili, latitudo na longitudo, na mara nyingi kiungo hichohicho ndicho kinachokufikisha kwenye namba hizo.

Kiungo kinachotumwa kutoka simuni huwa kifupi. Kinaanza na `https://maps.app.goo.gl/` kisha zinafuata herufi zisizosomeka. Usitafute namba humo, hazimo. Kazi yake ni kukupeleka kwenye anwani nyingine ndefu, ndiyo maana lazima uwe na intaneti walau mara hiyo moja. Kifungue kwenye kivinjari cha kompyuta, kwa sababu kwenye simu hukimbilia programu ya Google Maps na anwani ndefu huioni kabisa. Ngoja ramani itulie, kisha soma anwani iliyo juu. Tuseme mahali penyewe ni Fort Jesus, Mombasa. Tukiondoa yasiyotuhusu, inakuwa hivi:

```
/maps/place/Fort+Jesus/@-4.0628,39.6771,17z/...!3d-4.0628!4d39.6797
```

Wengi huishia hapo kwenye `@`, wakanakili namba mbili zinazofuata, na hapo ndipo wanapokosea. Namba za `@` ni za katikati ya kioo, pale ramani ilipokuwa imelenga wakati huo. `17z` ni kiasi ilivyokuzwa. Ukiivuta ramani kwa kidole au kipanya, namba hizo hubadilika ingawa ngome haijasogea. Na hata usipoigusa, maelezo ya mahali hufunika upande wa kushoto wa kioo, kwa hiyo pini husukumwa kulia na katikati hubaki magharibi yake. Katika mfano wetu longitudo zinatofautiana kwa 0.0026. Nyuzi moja huku kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 111, basi tofauti hiyo ni karibu mita 290. Dereva atakushusha mtaa mwingine, na kila mmoja atamlaumu mwenzake.

Pini yenyewe iko mwishoni: `!3d` hutangulia latitudo, `!4d` hutangulia longitudo. Andika namba hizo mbili, weka mkato kati yake, ubandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha OsmAnd au Organic Maps:

```
-4.0628, 39.6797
```

Ukitaka kumtumia mtu kitu cha kubonyeza tu, andika `geo:-4.0628,39.6797`. Simu nyingi za Android zitamuuliza afungue kwa programu ipi ya ramani, ingawa si kila programu ya ujumbe huyageuza maandishi hayo kuwa kiungo.

Makosa mawili yaliyobaki yanajitangaza yenyewe, mradi uitazame ramani kabla ya kuondoka. Ukisahau alama ya kutoa, unaivuka ikweta: Fort Jesus inahamia kusini mwa Ethiopia, kiasi cha kilomita 900 kaskazini. Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Bujumbura zote ziko kusini mwa ikweta, kwa hiyo alama hiyo lazima iwepo. Kampala iko kaskazini kidogo, haina. Ukigeuza mpangilio, longitudo ikatangulia, unajikuta Hispania, kusini kidogo mwa mji wa Toledo. Kosa hili huwapata hasa wanaoandaa faili za GeoJSON, maana huko sheria ni longitudo kwanza. Kiungo cha maelekezo ya njia nacho kina tabia hiyo: ndani yake `!1d` ni longitudo na `!2d` ni latitudo, kinyume cha mazoea.

Tarakimu nazo zisikutishe. Kiungo halisi huweza kuwa na saba baada ya nukta, lakini ya tano tayari ni kama mita moja, na GPS ya simu mara nyingi hukosea kwa mita kadhaa hata uwanjani. Nne zinatosha kufika langoni. Ukibakiwa na mbili umepoteza mtaa mzima.

Kuna viungo ambavyo hata vikifunguka vinabeba jina la mahali tu, bila `!3d` popote. Hapo achana na anwani. Kwenye kompyuta bonyeza pini kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Namba zinatokea juu kabisa ya orodha, na ukizibonyeza zinanakiliwa. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya ramani, kando kidogo ya jina, hadi pini nyekundu idondoke, kisha tafuta namba kwenye kisanduku cha juu au kwenye maelezo ya pini.