Moyo Hujaa Ukilegea

Ukitaka kuuelewa moyo, anzia buchani. Omba moyo wa ng'ombe ambao haujachanjwa, uuweke ubaoni, kisha uubonyeze kwa kidole gumba pande zote mbili. Upande mmoja utabonyea, wa pili utakataa. Huo unaokataa ndio wa kushoto. Sasa chukua kisu kikali, pasua kila upande kuanzia karibu na ncha ya chini kwenda juu, uone nyama yenyewe: ukuta wa kushoto ni mnene karibu mara tatu kuliko wa kulia. Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Ukuta wa ventrikali ya kushoto una unene unaokaribia sentimita 1, wa kulia milimita 3 au 4 tu.

Tofauti hiyo haitokani na kiasi cha damu, kwa maana pande zote mbili husukuma kiasi kilekile. Inatokana na safari. Ventrikali ya kulia inapeleka damu kwenye mapafu, ambayo ni majirani, na mishipa ya humo hailetei damu ukinzani mkubwa. Presha ya milimita 25 za zebaki inatosha. Ventrikali ya kushoto inapeleka damu kichwani, kwenye figo, hadi kwenye vidole vya miguu, na kazi hiyo inadai presha ya 120 hivi.

Juu ya kila ventrikali kuna chumba kidogo chenye ukuta mwembamba, atiria. Ile ya kulia hupokea damu iliyozunguka mwilini, ya kushoto hupokea damu iliyotoka mapafuni ikiwa imebeba oksijeni. Katikati kuna ukuta unaotenganisha pande hizo mbili. Galeni, tabibu wa zamani aliyefuatwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, alidai ukuta huo una vitundu visivyoonekana vya kupitisha damu. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damasko aliyefanya kazi Kairo, aliandika kwamba vitundu hivyo havipo, na kwamba damu haina budi kupitia mapafuni ndipo ifike kushoto. Moyo wako wa buchani utakuthibitishia hilo.

Kati ya atiria na ventrikali kuna vali, na kwenye mlango wa kutokea wa kila ventrikali kuna nyingine. Jumla ni nne. Vali hazina msuli wa kuzifungua; damu ikisukuma kutoka nyuma zinafunguka, ikitaka kurudi zinajifunga. Ukiingiza kidole kwenye ventrikali ya kushoto utagusa nyuzi nyeupe, ngumu kama mshono, zilizounganisha vali na vinundu vya nyama ukutani. Kazi yake ni kuizuia vali isibinukie juu moyo unapobana. Hiyo ndiyo vali ya mitrali, na ndiyo tutakayokaa nayo.

Tuseme moyo unapiga mara 75 kwa dakika. Kila pigo lina sekunde 0.8. Kubana, yaani sistoli, kunachukua kama 0.3, kulegea, yaani diastoli, kunachukua 0.5. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huzing'ang'ania hizo 0.3 kwa sababu ndimo kunamoonekana kuna kazi. Mimi ningewashauri waanze na hizo 0.5.

Ventrikali ikiwa imelegea, vali ya mitrali iko wazi na damu inashuka yenyewe kutoka atiria. Sehemu kubwa, kama robo tatu, huwa imeshaingia kabla atiria haijajibana. Kisha umeme unaoanzia kwenye nodi ndogo iliyo juu ya atiria ya kulia husambaa, atiria zinajikunja na kumalizia zilichobakiza. Umeme huo hucheleweshwa kidogo kabla ya kushuka chini, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili atiria zimalize kwanza. Ventrikali ya kushoto sasa ina mililita 120 hivi.

Inaanza kubana. Presha ndani yake ikiipita ya atiria, mitrali inafunga, na huo ndio mlio wa kwanza unaousikia kifuani. Kwa kitambo kifupi sana vali zote zimefungwa: damu haiingii wala haitoki, presha peke yake ndiyo inayopanda. Ikivuka ile iliyomo kwenye aota, kama 80, vali ya aota inafunguka, damu inatoka na presha inafika 120. Namba mbili unazosomewa kliniki mkono ukiwa kwenye mashine ya presha zinatoka hapa. Zimetoka mililita 70, zimebaki 50. Moyo unalegea, damu ya aota inataka kurudi, vali inafunga kwa mlio wa pili, na baada ya kitambo kingine mitrali inafunguka tena.

Moyo ukienda mbio, sistoli inapungua kidogo tu. Kinacholiwa hasa ni diastoli. Kwa mapigo 120 kwa dakika kila pigo lina sekunde 0.5, na muda wa kujaa unabaki karibu 0.25, yaani nusu ya ule wa mwanzo. Moyo mzima huvumilia, maana mlango wake ni mpana.

Sasa mchukue mama wa miaka 24 mwenye mimba ya miezi saba. Utotoni aliumwa koo mara kwa mara, akapata homa ya baridi yabisi, na kinga ya mwili wake ikazishambulia vali zake. Miaka ikapita, kovu likazigandisha kingo za mitrali, na tundu ambalo huwa na sentimita za mraba 4 hadi 6 likabaki na 1 tu, lenye umbo ambalo madaktari huliita mdomo wa samaki. Kabla ya mimba alikuwa akichoka kupanda ngazi, basi. Mimba imemwongezea damu karibu nusu ya aliyokuwa nayo, na mapigo yamepanda. Damu ni nyingi, mlango ni mwembamba, muda umepungua. Damu inarundikana kwenye atiria ya kushoto, presha yake inarudi nyuma hadi mapafuni, maji yanavuja kwenye vifuko vya hewa. Usiku anashindwa kulala chali, anakohoa povu lenye rangi ya waridi. Ni rahisi akatibiwa nimonia au pumu.

Ukweli unapatikana kwa sikio. Mlaze ubavu wa kushoto, weka stetoskopu kwenye ncha ya moyo, chini ya titi. Mlio wa kwanza ni mkali kuliko kawaida, na baada ya mlio wa pili kuna ngurumo ya chini, nzito. Imetokea wakati wa kujaa, kwa hiyo chanzo chake ni mlango wa kuingilia. Kipimo cha ultrasaundi ya moyo kitalithibitisha.

Tiba inafuata hesabu ileile. Anapewa dawa ya kupunguza kasi ya mapigo ili diastoli irefuke, na ya kukojoza maji ya ziada. Dripu ya haraka inaweza kumuua. Ikibidi, vali hupanuliwa kwa puto linaloingizwa kupitia mshipa wa paja. Na hatari haiishi mtoto akizaliwa: mji wa mimba unapojikunja, damu iliyokuwa humo hurudi kwa wingi kwenye moyo, ndiyo maana siku ya kwanza baada ya kujifungua wauguzi hawaachi kuhesabu pumzi zake.