Miadi ya Wagonjwa Kwenye Kompyuta Moja: Hifadhidata ya Kuanzia na Nakala za Akiba

Kliniki ndogo inapoacha daftari na kuanza kuandika miadi kwenye kompyuta ya mapokezi, mara nyingi huanza na Excel. Kila mtu aliyesoma masomo ya kompyuta anaifahamu. Kwa wiki chache za kwanza mambo huenda vizuri. Shida hujitokeza baadaye, na mgonjwa ndiye huumia kabla ya karani kugundua.

Shida ya kwanza ni ya namba za simu. Karani anaandika namba inayoanza na 07, Excel inaichukulia kuwa hesabu na kuiondoa sifuri ya mbele. Shida ya pili ni ya tarehe. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi, ilhali karani alimaanisha tarehe 3 Aprili. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: mtu akichagua safu moja tu, tuseme ya tarehe, kisha akaipanga upya na kupuuza onyo linalojitokeza, tarehe husogea huku majina yakibaki palepale. Hakuna kinachoonekana kuharibika. Majina yapo, tarehe zipo, lakini kila mgonjwa sasa ana tarehe ya mwenzake.

Tuchukue mtoto aliyezaliwa tarehe 6 Januari 2025. Kwa ratiba ya chanjo ya Kenya, anatakiwa kurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, yaani tarehe 17 Februari, 17 Machi na 14 Aprili, kisha tena akifika miezi 9. Tarehe hizo zikichanganyika, mama hapigiwi simu siku inayofaa, na kliniki haijui kwamba kuna mtoto aliyekosa chanjo.

Kwa kompyuta moja na karani mmoja au wawili wanaopokezana, hifadhidata inayofaa kuanza nayo ni SQLite. Hailipiwi, haihitaji seva wala mtandao, na rekodi zote hukaa ndani ya faili moja. Programu kubwa kama MySQL na PostgreSQL ni nzuri, lakini huhitaji mtu wa kuzisimamia, na kliniki ndogo kwa kawaida haina mtu huyo. Ili kuitumia kwa kipanya badala ya kuandika amri, kuna programu ya bure iitwayo DB Browser for SQLite.

Rekodi za miadi zinahitaji majedwali mawili tu. Moja ni la wagonjwa, ambapo kila mtu huandikwa mara moja. La pili ni la miadi, ambapo kila ziara ina mstari wake unaotaja namba ya mgonjwa:

```sql
CREATE TABLE wagonjwa (
  namba INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  simu TEXT
);
CREATE TABLE miadi (
  namba INTEGER PRIMARY KEY,
  mgonjwa INTEGER NOT NULL REFERENCES wagonjwa(namba),
  tarehe TEXT NOT NULL,
  sababu TEXT,
  hali TEXT DEFAULT 'wazi'
);
```

Simu imewekwa kuwa maandishi, kwa hiyo sifuri haipotei. Tarehe huandikwa kwa kuanza na mwaka, mfano 2025-02-17, na hivyo haina maana mbili na hujipanga yenyewe. Kupanga orodha upya hakuwezi kumpa mgonjwa tarehe ya mwingine, kwa sababu mstari wa miadi umefungwa kwenye namba ya mgonjwa. Katika ukurasa wa Edit Pragmas, hakikisha alama ya Foreign Keys imewashwa, ili mgonjwa mwenye miadi asiweze kufutwa kwa bahati mbaya.

Mgonjwa akifika, karani hubadilisha hali kutoka "wazi" kuwa "amekuja". Swali moja basi linatosha kuonyesha waliokosa kufika:

```sql
SELECT w.jina, w.simu, m.tarehe
FROM miadi m JOIN wagonjwa w ON w.namba = m.mgonjwa
WHERE m.hali = 'wazi'
  AND m.tarehe < date('now','localtime');
```

Jambo moja huwakwaza wengi wanaoanza. Katika DB Browser, kilichoandikwa hakijahifadhiwa mpaka kitufe cha Write Changes kibonyezwe. Umeme ukikatika kabla ya hapo, maandishi hayo yamekwenda. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, SQLite inapofunguliwa tena hurudi kwenye hali ya mwisho iliyokuwa kamili, badala ya kubaki na faili nusunusu. Kwa hiyo karani abonyeze kitufe hicho baada ya kila mgonjwa, asingoje jioni.

Hata hivyo, hifadhidata nzuri haizuii diski kufa, kompyuta kuibwa au kinywaji kumwagika juu yake. Hapo ndipo nakala za akiba huingia, na habari njema ni kwamba faili lenyewe ni dogo. Kliniki yenye miadi 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, huandika mistari 12,480 kwa mwaka. Kila mstari ukichukua baiti 100 hivi, mwaka mzima haufiki megabaiti mbili. Flashi ya kawaida ya gigabaiti 8 itabeba nakala za kila siku kwa miaka.

Nakala isichukuliwe kwa kunakili faili tu wakati programu iko wazi, kwani unaweza kupata faili lililokatwa katikati ya kazi. Amri ya SQLite yenyewe huchukua nakala kamili. Baada ya kubonyeza Write Changes kwa mara ya mwisho jioni, karani huchomeka flashi na kuandika:

```
sqlite3 C:/Kliniki/miadi.db ".backup E:/miadi-2025-03-14.db"
```

Tarehe ndani ya jina la faili ina kazi yake. Ukiandika juu ya faili lilelile kila siku, kosa la Jumanne litakuwa limefuta nakala nzuri ya Jumatatu kabla mtu hajalitambua. Mgonjwa aliyefutwa kimakosa anaweza kukumbukwa baada ya wiki tatu, siku anaposimama dirishani. Kwa hiyo nakala za kila siku zitunzwe angalau miezi miwili, na ile ya mwisho wa kila mwezi ibaki kwa muda mrefu zaidi.

Flashi ziwe mbili, moja yenye alama nyekundu na nyingine ya buluu, zikipokezana siku kwa siku. Iliyotumika jioni huondoka na msimamizi wa kliniki. Asubuhi huja ile ambayo haikutumika jana. Kwa njia hiyo nakala mpya zaidi huwa mbali na jengo daima, na moto au wizi ukitokea, kinachopotea hakizidi kazi ya siku moja. Flashi isiachwe imechomekwa kutwa nzima. Kirusi cha kompyuta kinachofunga mafaili ili mwenyewe alipishwe hufunga pia kila kilichochomekwa. Kuweka faili linalotumika ndani ya folda inayojipakia mtandaoni hakuchukui nafasi ya nakala hizi, kwa sababu kilichofutwa hapa hufutwa na kule.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haitegemewi. Ukaguzi huchukua dakika moja:

```
sqlite3 E:/miadi-2025-03-14.db "PRAGMA integrity_check;"
sqlite3 E:/miadi-2025-03-14.db "SELECT count(*) FROM miadi;"
```

Amri ya kwanza ikijibu "ok", faili halijaharibika. Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Ukikosea herufi moja ya jina la faili, SQLite hailalamiki: hufungua hifadhidata mpya tupu, na hifadhidata tupu pia hujibu "ok". Amri ya pili ndiyo hufichua ukweli. Kama jibu ni "no such table", ulikuwa unakagua faili lisilo na kitu. Kama ni namba, iandikwe katika daftari dogo kando ya tarehe. Namba ya leo ikiwa 4,312 na ya jana ilikuwa 4,275, kliniki iliongeza miadi 37, na karani ataona kama hiyo inalingana na siku ilivyokuwa. Namba ikibaki ileile siku mbili zenye wagonjwa wengi, kuna mtu aliyesahau Write Changes, au nakala inatoka kwenye faili la zamani.

Mara moja kwa mwezi, nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine na majina matatu yatafutwe, mmoja wa wiki hii, mmoja wa mwezi uliopita na mmoja wa mwaka uliopita. Zoezi hilo pia hufundisha wafanyakazi hatua za kurudisha rekodi: kuweka faili mahali pake na kulifungua. Heri kujifunza siku tulivu kuliko siku kompyuta imekataa kuwaka na foleni imefika nje.

Flashi iliyo mfukoni inaweza kudondoka kwenye matatu, na ndani yake mna majina, simu na sababu za wagonjwa kufika kliniki. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti. Data ikifikiwa na asiyehusika na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika, kliniki hutakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipotambua. SQLite ya kawaida haina nenosiri, hivyo ulinzi utoke kwingine. Kwenye Windows Pro, kompyuta na flashi zinaweza kufungwa kwa BitLocker. Kwa toleo lingine la Windows, nakala hufungwa kwa nenosiri kupitia programu ya bure ya 7-Zip kabla ya kutoka mlangoni. Nenosiri liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa na kuwekwa kabatini, mbali na flashi. Likisahaulika, hakuna fundi atakayeifungua nakala hiyo.

Mpango huu una mpaka wake. Siku kliniki itakapotaka kompyuta ya pili, tuseme ya chumba cha daktari, iandike kwenye rekodi hizohizo, faili la SQLite lisiwekwe kwenye folda ya pamoja ya mtandao. Kompyuta mbili zikiandika kwa njia hiyo zinaweza kuliharibu. Huo ndio wakati wa kuhamia PostgreSQL au MySQL na kumlipa mtu wa kuisimamia. Majedwali mawili yaliyokwisha kupangwa vizuri huhamishika bila kazi kubwa.

Kabla ya kuzima kompyuta jioni, karani achape orodha ya miadi ya kesho kwenye karatasi. Umeme ukikosekana asubuhi, wagonjwa wataitwa kwa orodha hiyo, na mabadiliko yataingizwa kwenye kompyuta umeme utakaporudi.