Kadi ya Mkate wa Sinia na Maneno Yasiyosomeka

Kadi tunayoizungumzia ni kipande cha karatasi ngumu, upana wake ni wa kiganja, nayo iliandikwa na bibi mmoja wa Lamu ambaye sasa ni marehemu. Ndani yake aliweka mapishi ya mkate wa sinia, ambao wengine huuita mkate wa kumimina, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama walivyosomeshwa mabibi zetu chuoni. Mjukuu wake aliipiga picha ilipokuwa ingali safi. Baadaye simu ilitumbukia majini, picha ikapotea, na hakuna jamaa aliyekuwa na nakala. Kadi nayo, kwa kukaa jikoni, ilimwagikiwa na samli. Basi tulipoletewa tuisome na kuiandika upya kwa herufi za Kilatini, yalikuwamo maneno ambayo picha ingeyaonyesha na kadi haiyaonyeshi tena.

Mpishi yeyote aliyezoea mkate huu angeweza kuyajaza mapengo hayo kwa dakika tano, na hapo ndipo penye hatari. Nakala iliyopigwa chapa huonekana safi na yenye uhakika. Neno alilolikisia msomaji hukaa kando ya neno aliloliandika bibi, kwa sura ile ile, na watoto wa watoto wake hawatajua lipi ni la nani. Kwa hiyo tuliandika mstari kwa mstari, kwa mpangilio ule ule wa kadi, na kila penye shaka tukaacha alama. Wanakili wa vitabu vya Hadithi walikuwa na desturi hiyo zamani sana, na Ibnu Swalah, aliyefariki mwaka 1245, ameieleza katika kitabu chake cha elimu ya Hadithi. Neno walilolitilia shaka waliliwekea alama ndogo juu yake, wala hawakulifuta.

Nakala yetu ilitoka hivi:

Mchele wa pishori kibaba 1
Nazi 2 [au 3?]
Sukari robo tatu ratili
Hamira kijiko 1 cha [...]
Iliki 10 [?]
Ute wa yai 1
Samli ya kupaka sinia
Moto chini na juu. Kisha utoe [au utue?]

Msomaji atauliza mbona "pishori" haikuwekewa alama, ilhali kwenye kadi imeandikwa kwa herufi ya ba, na kwa macho inasomeka "bishori". Jibu ni kwamba hiyo ni desturi ya hati, haina shaka ndani yake. Wengi walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitumia ba kwa sauti ya b na ya p, shini kwa sh na ch, fa kwa f na v, na mara nyingi waliiacha m au n iliyotangulia konsonanti nyingine, hata "kikombe" kikawa "kikobe". Ukiweka alama kwenye kila neno la namna hiyo, nakala itajaa alama, na zile za maana zitapotea. Alama ni ya neno linalokubali kusomwa kwa njia mbili, na njia zote mbili zikaleta maana jikoni.

Neno la mwisho ndilo mfano bora. Irabu za Kiswahili ni tano, na alama za irabu za Kiarabu ni tatu, kwa hiyo dhuma husimama mahali pa o na pa u pia. "Utoe" na "utue" huandikwa sawasawa. Wa kwanza anaamrisha mkate utolewe kwenye sinia; wa pili anaamrisha sinia iteremshwe motoni tu. Tofauti si ndogo, kwani mkate huu ukitolewa ungali moto hukatika katikati. Shangazi wa yule mjukuu, aliyepika na mamake miaka mingi, alisema: "Maalim, mama alikuwa akiiteremsha, akaiacha ipoe mpaka ijibandue yenyewe." Ushahidi huo unaielekea "utue". Hata hivyo tuliuandika chini ya nakala, kwa jina la shangazi, na mstari wenyewe tukauacha na njia zake mbili. Kadi ni kauli ya bibi, na kumbukumbu ni kauli ya bintiye.

Tarakimu zina shida yake. Sifuri ya Kiarabu ni nukta, kwa hiyo tone la samli likianguka kando ya moja, moja huwa kumi. Tuliigeuza kadi na kuishika mbele ya dirisha. Mafuta huifanya karatasi ipitishe mwanga na doa lake huonekana pande zote mbili. Wino wa kalamu hukaa upande wake. Nukta iliyo kando ya iliki ni nyeusi, na rangi yake ni ya wino wa maneno jirani, lakini imezungukwa na doa, na kwa hiyo tumeiachia alama. Vipimo vinaunga mkono kumi. Kibaba cha mchele ni kama ratili moja na nusu, takriban gramu 680, na punje moja ya iliki haiwezi kunukia katika unga wa kiasi hicho.

Njia hii ya kupima kwa uwiano ilitusaidia pia kwenye sukari, ambayo maneno yake yamefifia ingawa yanasomeka. Robo tatu ya ratili ni karibu gramu 340, yaani nusu ya uzito wa mchele, na huo ndio uwiano wa kawaida wa mkate huu. Tukaiandika bila alama. Gramu zenyewe tumeziweka pembeni, mbali na maandishi ya bibi, ambaye alipima kwa kibaba.

Kwenye nazi uwiano haukutufaa. Mbili na tatu kwa tarakimu za Kiarabu hutofautiana kwa jino moja tu, nalo limeingia kwenye mkunjo wa karatasi. Shangazi na mjukuu walipika mara mbili, mara kwa nazi mbili, mara kwa tatu, na mchele uliosagwa ulimiminika vizuri mara zote mbili, kwa kuwa nazi hazilingani ukubwa wala tui lake. Jiko haliwezi kuamua jambo hili.

Hamira ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu pale hapana hata herufi ya kukisia. Pembe ya kadi imechanika baada ya "cha". Kijiko cha chai na kijiko cha mezani hutofautiana mara tatu. Ikizidi, unga huumuka upesi kisha hubonyea, na mkate hunuka hamira. Kwa majaribio yao walianza na cha chai, na mkate ulitoka na vishimo vizuri, lakini hamira ya siku hizi huenda ina nguvu kuliko ile aliyokuwa nayo bibi. Mabano yamebaki matupu.

Tulipomaliza, mjukuu alisoma nakala kwa sauti nasi tukifuatisha kadi kwa kidole, kwa sababu jicho lililoandika huona lililokusudia kuandika. Kadi imepigwa picha tena, pande zote mbili, na picha imetumwa kwa jamaa wanne. Shangazi anasema yuko binamu yake Lamu aliyeyanakili mapishi hayo siku za harusi yake, kabla pembe haijachanika. Ameshamwandikia.