Kijiti cha Ishirini na Tatu

"Kwa Mganga Mfawidhi. Mwezi huu watoto 23 wamepata chanjo ya surua na rubela." Barua ya mhudumu wa afya wa kijiji huanza hivyo, na ile 23 imetoka kwenye karatasi ya kuhesabia: kila mtoto akishachomwa, kijiti kimoja, cha tano hukatiza vinne. Mafungu manne, vijiti vitatu.

Kabla ya kutia sahihi huhesabu majina rejistani. Tuseme anapata 22. Chupa hazitamwamulia: zilifunguliwa tatu za dozi 10 kila moja, na chanjo iliyokwisha kuchanganywa haikai zaidi ya saa 6, masalio hutupwa. Basi huwaendea akina mama, akisoma kadi moja moja. Kadi ya mtoto mmoja ina tarehe ya siku ile ya huduma ya mkoba, lakini jina lake halimo. Wametoka kijiji jirani. Anaandikwa, 23 inabaki. Kama kijiti kingefutwa ili hesabu zilingane, mtoto huyo angetafutwa kwao kama aliyekosa chanjo. Namheshimu sana mhudumu anayeongeza mstari huu: "Mmoja ni wa kijiji jirani, tafadhali wajulisheni."