Kredit Noti Ikitoka Mumbai, Deni la Gerezani Hushuka

Chukua mfano wa duka la vipuri vya magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, linaloagiza mzigo kwa muuzaji wa Mumbai. Mzigo ulipakiwa bandari ya Nhava Sheva, ukafika na ankara ya dola 12,400. Wiki kadhaa baadaye muuzaji akatuma barua pepe yenye karatasi mbili. Ya kwanza ina kichwa CREDIT NOTE, dola 960. Ya pili imeandikwa DEBIT NOTE, dola 310. Mtunza vitabu wa duka akafuata vichwa hivyo kama vilivyo: ya kwanza akaiingiza upande wa krediti wa akaunti ya muuzaji, ya pili upande wa debiti. Leja ikaonyesha kwamba duka linadaiwa dola 13,050. Mwisho wa mwezi taarifa ya hesabu ikaja kutoka Mumbai, nayo ikasema deni ni dola 11,750.

Tofauti ni dola 1,300, na mahali ilikotoka panaonekana bila hata kufungua faili. Ukiigawa kwa mbili unapata 650, ambayo ndiyo tofauti kati ya 960 na 310. Kiasi kinapowekwa upande usio wake, kosa huwa maradufu, kwa sababu kilichotakiwa kutolewa kimejumlishwa. Kwa hiyo nusu ya tofauti ikilingana na karatasi fulani, au na tofauti ya karatasi mbili, jambo la kwanza la kuangalia ni upande zilikoingizwa.

Muuzaji anapoandika karatasi yake, anaandika habari za vitabu vyake mwenyewe. Kwake duka la Gerezani ni mdaiwa. Alipouza aliliandika duka upande wa debiti. Akilipunguzia deni, analiandika upande wa krediti, na ndiyo maana karatasi ikapewa jina hilo. Kwa duka mambo yamegeuka. Muuzaji ni mdai, deni lake limekaa upande wa krediti, na kulipunguza ni kumdebiti. Debit noti ya muuzaji nayo inaongeza deni, hivyo kwenye leja ya duka inaingia krediti.

Mhasibu anayemweleza jambo hili mtunza vitabu hufanya vyema kuyaacha maneno debiti na krediti pembeni kwa muda. Mazungumzo yao yanaweza kwenda hivi:

“Dada, sahau kichwa cha karatasi. Baada ya karatasi hii, yule wa Mumbai anatudai zaidi au anatudai pungufu?”

“Pungufu, kaka. Shokapu 40 hazikuwamo kwenye katoni, na yeye mwenyewe kakubali.”

“Basi deni limeshuka. Deni la muuzaji tunalipunguzia upande gani?”

“Debiti.”

“Na ile ya 310?”

“Hiyo anasema pleti za klachi alituchaji bei ya zamani. Deni limepanda.”

Hapo kazi ngumu imekwisha. Mtu akishajua deni limepanda au limeshuka, na kwa nini, upande wa leja unajileta wenyewe.

Lakini neno “kwa nini” lina uzito kuliko linavyoonekana, maana ndilo linaloamua upande wa pili wa ingizo. Kredit noti nzuri hutaja namba na tarehe ya ankara inayorekebishwa, bidhaa, idadi, bei ya kila moja, na sababu. Kwenye mfano huu sababu ni upungufu: shokapu 160 kwenye ankara, 120 stoo, kila moja dola 24. Arobaini mara 24 ni 960, hesabu imekubali. Stoo inapungua kwa idadi na kwa thamani. Lau sababu ingekuwa punguzo la bei, kwa kiasi hicho hicho cha dola, idadi ya shokapu isingeguswa hata moja. Gharama ya kila shokapu ndiyo ingeshuka. Mtunza vitabu anayesoma kiasi na kuruka sababu atajikuta na stoo ya kwenye kompyuta isiyofanana na stoo ya kwenye rafu, na mwenye duka ataanza kuwashuku vijana wa kaunta bure.

Debit noti ya pleti za klachi ina fundo lake. Pleti 200 ziliandikwa dola 18.40 badala ya dola 19.95, pungufu ya dola 1.55 kila moja, jumla 310. Kabla ya kuingiza chochote, duka linapaswa kutazama oda yake na bei zilizokubaliwa, kwa sababu muuzaji kutuma debit noti hakumaanishi kwamba ana haki. Tuseme oda inasema 19.95, kwa hiyo dai ni halali. Ila karatasi ilipofika, pleti 120 zilikuwa zimeshauzwa. Hizo haziko stoo tena kupokea gharama mpya. Sehemu yake inakwenda kwenye gharama ya mauzo, na sehemu ya pleti 80 zilizobaki ndiyo inayoongezwa kwenye thamani ya stoo.

Sasa shilingi. Tuchukue kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola siku ankara ilipoingizwa, na 2,600 siku karatasi mbili zilipofika. Ankara ilikaa vitabuni kwa shilingi 31,000,000. Zile shokapu 40 ziliingia stoo kwa kiwango cha 2,500. Kuzitoa kwa 2,600 ni kutoa thamani ambayo haikuwahi kuingia. Kwa hiyo karatasi inayosahihisha ankara ile ile, ndani ya mwaka huo huo wa hesabu, deni likiwa halijalipwa, hufuata kiwango cha ankara: kredit noti shilingi 2,400,000, debit noti shilingi 775,000, ambapo 465,000 ni za pleti zilizouzwa na 310,000 za zilizobaki. Deni linabaki shilingi 29,375,000. Duka likilipa dola 11,750 kwa kiwango cha 2,600, benki itakata shilingi 30,550,000. Zile 1,175,000 za ziada ni hasara ya kubadilisha fedha na zina akaunti yake. Hazina uhusiano na shokapu wala klachi. Kama debit noti ingekuwa ya gharama mpya kabisa, tuseme ada ya kuhifadhi mzigo iliyotokea baadaye, ingeingizwa kwa kiwango cha siku yake.

Upande wa maelezo kwenye jarida ndipo Kiswahili kinapofanya kazi. Maelezo yanayosema tu “kredit noti Mumbai” hayamsaidii mkaguzi atakayekuja mwakani. Yanayofaa ni mfano wa haya: “Kupunguza deni la muuzaji kwa shokapu 40 zisizofika, dola 24 kila moja, kwa kiwango cha ankara 2,500, idadi imethibitishwa na karatasi ya kupokelea mzigo.” Namba ya ankara na ya kredit noti zikifuatana hapo, mtu yeyote anaweza kurudi nyuma hadi kwenye katoni.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata wazoefu. Mnunuzi naye anaweza kutoa debit noti. Duka lilipogundua upungufu lingeweza kuiandikia Mumbai debit noti ya dola 960, maana yake “tumekudebiti kwa shokapu 40”, na muuzaji akajibu kwa kredit noti ya kiasi hicho hicho. Hizo ni karatasi mbili za jambo moja: dai na kukubaliwa kwake. Zikiingizwa zote, deni linapungua kwa 1,920. Anayesoma debit noti lazima aangalie kwanza jina lililo juu ya karatasi, kwa sababu ya duka mwenyewe inapunguza deni na ya muuzaji inaongeza. Dalili ya mtego huu kwenye ulinganisho wa mwisho wa mwezi ni tofauti inayolingana na karatasi moja kamili, bila kugawa kwa mbili. Tofauti ya namna hiyo huwa ya karatasi iliyoingizwa mara mbili au isiyoingizwa kabisa.

Karatasi za India zina jambo lake la kodi. Tangu Julai 2017 nchi hiyo inatoza kodi ya bidhaa na huduma inayojulikana kama GST, na sheria yake, kifungu cha 34, ndiyo inayosimamia kredit noti na debit noti. Muuzaji ana tarehe ya mwisho ya kuitangaza kredit noti kwenye ritani zake, 30 Novemba baada ya mwaka wa fedha unaoishia 31 Machi, isipokuwa ritani ya mwaka ikiwa imetangulia. Hivyo karatasi inayokuja Oktoba kuhusu mzigo wa Februari si lazima iwe ya kutiliwa shaka. Kwenye karatasi huonekana safu ya IGST, mara nyingi ikiwa sifuri kwa bidhaa za kuuzwa nje. Ikiwa na asilimia 18, ambayo ni mojawapo ya viwango vya India, mtunza vitabu wa Tanzania anaweza kuidhania VAT ya nyumbani kwa kuwa nayo ni asilimia 18. Si yenyewe. VAT ya mzigo huu ililipwa forodhani kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na inadaiwa kwenye ritani kwa nyaraka za forodha. Muuzaji wa Mumbai hakuitoza, kwa hiyo hawezi kuipunguza. Dola zote 960 ni bei ya bidhaa. Kuzigawa kwa 118 mara 18 ili kutoa “sehemu ya VAT” ni kuharibu ritani ya duka.

Forodhani ndiko kunakobaki hesabu isiyofungwa na karatasi hizi. Ushuru ulikokotolewa kwenye thamani iliyotangazwa, pamoja na shokapu 40 ambazo hazikufika. Kredit noti hairudishi ushuru huo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kuomba kurudishiwa ushuru uliolipwa kimakosa, lakini ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo, na mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba bidhaa hazikuwamo. Upungufu uliogunduliwa stoo, baada ya kontena kufunguliwa na watu wa duka peke yao, ni mgumu kuuthibitisha kuliko ule ulioandikwa wakati wa ukaguzi bandarini. Debit noti inavuta upande mwingine: bei ya kweli ya pleti za klachi ilikuwa juu kuliko iliyotangazwa, hivyo kuna ushuru juu ya thamani ya dola 310 ambao haukulipwa. Karatasi hiyo inapaswa kufika kwa wakala wa forodha aliyeutoa mzigo wiki hiyo hiyo inapopokelewa, pamoja na nakala ya ankara na ya oda, ili duka lilijulishe forodha lenyewe kabla wakaguzi wa baada ya kutoa mzigo hawajaikuta kwenye faili.